Kupanga herufi za BARABARA na kugawa kete kwenye mashimo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila muhula hunirudia maswali mawili. La kwanza ni hili: "Mwalimu, BARABARA ina herufi 8, mbona idadi ya mipangilio yake si faktoria ya 8?" La pili hufuata wiki moja au mbili baadaye: "Nina madaftari 10 yanayofanana na watoto 4. Kila daftari lina njia 4 za kwenda. Mbona jibu si 4 ikizidishwa yenyewe mara 10?" Anayeuliza la kwanza karibu kila mara ndiye atakayeuliza la pili, kwa sababu kosa ni moja: amehesabu kitu kilekile mara nyingi akidhani ni vitu tofauti.

Nimeweka hatua hizi kwa utaratibu maalumu. Tunaanza na maneno, halafu kete na mashimo, kwa kuwa kugawa kete zinazofanana ni kuandika neno lenye herufi za aina mbili tu. Ukiliona hilo kwa macho yako, kanuni ya pili hutaikariri, utaitoa kwenye ile ya kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta karatasi na kalamu, kete 10 za bao (punje za mahindi zinafaa) na njiti 3 za kiberiti. Usizidharau hizo kete na njiti, zitakuokoa kwenye hatua ya 6.

Kikokotoo chenye vitufe vya `x!` na `nCr` kitarahisisha kazi, ingawa si lazima.

Ujue pia faktoria, yaani kuzidisha namba kuteremka hadi 1. Kwa mfano 4! = 4 × 3 × 2 × 1 = 24. Hizi ndizo utakazozitumia zaidi:

```
0! = 1      3! = 6      6! = 720
1! = 1      4! = 24     7! = 5040
2! = 2      5! = 120    8! = 40320
```

Mwisho, ujue C(n, k), ambayo ni idadi ya njia za kuchagua vitu k kati ya n bila kujali utaratibu. Ni n! gawanya kwa k! × (n − k)!. Kwa hiyo C(5, 2) = 120 ÷ (2 × 6) = 10.

## Sehemu ya kwanza: maneno yenye herufi zinazojirudia

Hatua ya 1. Anza na neno dogo unaloweza kuliorodhesha lote.

Chukua BABA. Ziandike herufi zake kwa kila utaratibu unaowezekana, yawe maneno yenye maana au yasiyo na maana:

```
BABA  BAAB  BBAA  ABAB  ABBA  AABB
```

Ni 6. Kanuni ya haraka ingekupa 4! = 24. Hizo 18 za ziada zimetoka wapi?

Zipake rangi herufi zako. B moja iwe nyekundu, nyingine ya bluu. A moja nyekundu, nyingine ya bluu. Sasa herufi zote 4 ni tofauti na mipangilio ni 24 kweli. Lakini tazama BBAA peke yake: B zinaweza kubadilishana nafasi kwa njia 2, na A vilevile kwa njia 2, hivyo BBAA imeonekana mara 2 × 2 = 4 kwenye ile orodha ya rangi. Kila neno limeonekana mara 4. Ukifuta rangi, 24 ÷ 4 = 6.

Hiyo ndiyo nadharia yote ya sehemu hii. Tunagawanya kwa sababu kila neno limehesabiwa mara zilezile, hakuna lililopendelewa.

Hatua ya 2. Andika hesabu ya herufi, kisha ijumlishe.

Kwa BARABARA: B mara 2, A mara 4, R mara 2. Jumla 2 + 4 + 2 = 8, sawa na urefu wa neno. Usiuruke ujumlishaji huu. Nimesahihisha kazi nyingi ambazo kanuni yake ilikuwa sahihi lakini mwanafunzi alihesabu A tatu badala ya nne, na jumla ya 7 ingemwambia hapohapo.

Hatua ya 3. Gawanya.

```
8! / (2! × 4! × 2!) = 40320 / 96 = 420
```

BARABARA ina mipangilio 420, siyo 40320. Herufi inayotokea mara moja haihitaji kuandikwa chini ya mstari kwa kuwa 1! ni 1. Kwa mfano MOMBASA ina M mbili na A mbili, zilizobaki ni mojamoja, hivyo 5040 ÷ (2 × 2) = 1260.

Onyo la kwanza: chini ya mstari tunazidisha faktoria, hatujumlishi. 2! + 4! + 2! ni 28, na 40320 ÷ 28 ni 1440, namba nzima nzuri isiyokushtua hata kidogo, na ni kosa tupu.

Onyo la pili linawahusu wanaotumia maneno ya Kiswahili. Je, CH ni herufi moja au mbili? Tazama CHECHE. Ukiitenganisha, una C mbili, H mbili, E mbili, na jibu ni 720 ÷ 8 = 90. Ukiichukua CH kama sauti moja isiyovunjika, una vipande vinne tu, CH mbili na E mbili, na jibu ni 6 kama BABA. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Swali likinyamaza, hesabu alama zinazoandikwa, kila moja peke yake, na useme hivyo kwenye mstari wa kwanza wa jibu lako.

Hesabu hii si ngeni barani kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 13, mwanahisabati Ibn Mun'im akiwa Marrakesh alihesabu maneno yanayoweza kuundwa kwa herufi za Kiarabu, na alilishughulikia hasa hili la herufi kujirudia.

Hatua ya 4. Masharti yakiwepo, yashughulikie kabla ya kugawanya.

Hapa ndipo mitihani hukaa, basi twende polepole. Neno letu ni BARABARA kote.

*Lianze na R.* Weka R moja mbele na uisahau. Zimebaki herufi 7: B mbili, A nne, R moja. Jibu ni 5040 ÷ (2 × 24) = 105. Wengi huzidisha kwa 2 hapa, wakisema "R ziko mbili, ningeweza kuweka yoyote". Lakini R zinafanana. Neno linaloanza na R "ya kwanza" na lile linaloanza na R "ya pili" ni neno lilelile likitazamwa na msomaji.

*B mbili zikae pamoja.* Zifunge kama furushi moja, BB. Sasa una vipande 7: BB moja, A nne, R mbili. Jibu ni 5040 ÷ (24 × 2) = 105. Ndani ya furushi usizidishe tena kwa 2!, kwa sababu ileile. (Kama furushi lingekuwa na herufi tofauti, tuseme B na R, hapo kweli ungezidisha, kwa kuwa BR na RB huonekana tofauti.)

*B mbili zisikae pamoja.* Toa: 420 − 105 = 315.

*A yoyote isigusane na A nyingine.* Kutoa hakukusaidii hapa, maana A nne zinaweza kugusana kwa namna nyingi mno. Panga kwanza zisizo A: B, B, R, R. Ni njia 6, kama BABA. Mpangilio wowote kati ya hiyo una mianya 5, yaani mbele, katikati mara tatu, na nyuma:

```
_ B _ R _ B _ R _
```

A nne zinahitaji mianya minne tofauti kati ya hiyo 5, yaani C(5, 4) = 5. Jibu ni 6 × 5 = 30. Shika picha hii ya mianya, tutakutana nayo tena.

## Daraja: neno la herufi mbili

Hatua ya 5. Tambua kwamba C(n, k) ni neno.

Neno lenye herufi za aina mbili pekee, mfano herufi o nne na alama mbili za kijiti |, lina mipangilio 6! ÷ (4! × 2!) = 15. Kanuni hiyo ndiyo ile ya C(6, 2). Si bahati: kuandika neno la nafasi 6 lenye vijiti viwili ni kuchagua tu vijiti vikae nafasi zipi, maana kwingineko kote ni o.

## Sehemu ya pili: kete zinazofanana kwenye mashimo

Hatua ya 6. Geuza ugawaji kuwa neno.

Weka kete 4 mezani kwa mstari. Unataka kuzigawa kwenye mashimo 3 kama ya bao: la kushoto, la kati, la kulia. Chukua njiti 2 za kiberiti uzitupe popote kwenye mstari huo. Kete zilizo kushoto mwa njiti ya kwanza ni za shimo la kushoto, zilizo kati ya njiti ni za shimo la kati, zilizobaki ni za kulia.

```
o o | o | o     2, 1, 1
o o o o | |     4, 0, 0
| o | o o o     0, 1, 3
| o o o o |     0, 4, 0
```

Kila namna ya kuweka njiti inatoa ugawaji mmoja, na kila ugawaji una namna moja tu ya kuweka njiti. Kwa hiyo idadi ya magawanyo ni idadi ya maneno ya o nne na vijiti viwili, ile 15 ya hatua ya 5. Fanya zote 15 kwa mkono, mara moja tu maishani. Inachukua dakika tano, na tangu hapo shimo tupu halitakutisha: ni njiti mbili zilizogusana, au njiti iliyokaa ukingoni.

Vitabu vingi huchora nyota badala ya kete, ndiyo maana njia hii huitwa nyota na vijiti. Jina hilo lilienezwa na William Feller, aliyeandika juu ya uwezekano mwaka 1950. Lakini mwaka 1914 Paul Ehrenfest na Heike Kamerlingh Onnes walikuwa wameshatumia picha ya namna hiyo kuhesabu jinsi vipande vya nishati vinavyofanana vinavyogawanyika.

Hatua ya 7. Hesabu vijiti: mashimo toa moja.

Kete n, mashimo m. Vijiti ni m − 1. Neno lina nafasi n + m − 1, na jibu ni:

```
C(n + m − 1, m − 1)
```

Sasa lile swali la madaftari 10 na watoto 4. Vijiti ni 3, nafasi ni 13:

```
C(13, 3) = (13 × 12 × 11) / 6 = 286
```

Onyo: kosa linaloongoza ni kuweka vijiti 4 kwa sababu watoto ni 4. Ni kama kuhesabu nguzo za ua. Vyumba vinne mfululizo vina kuta tatu za ndani. Ukiweka vijiti 4 utapata C(14, 4) = 1001. Namba hiyo ina maana yake, ila kwa swali jingine: ni idadi ya njia za kuwapa watoto 4 madaftari *yasiyozidi* 10, mengine yakibaki kabatini. Kabati limekuwa mtoto wa tano. Swali likisema "yasiyozidi" au "si lazima yagawiwe yote", 1001 ndilo jibu lako.

Hatua ya 8. Hakikisha nani ni kete na nani ni shimo.

Tuseme mama anaenda gengeni kununua matunda 10 kati ya aina nne: machungwa, maembe, mapapai na mananasi. Anaweza kurudi na vikapu tofauti vingapi, kama matunda ya aina moja yanafanana? Wanafunzi hubabaika kwa kuwa hakuna kisanduku kinachoonekana. Aina ndizo mashimo. Kila tunda analonunua ni kete inayoangukia kwenye aina mojawapo, na anachobeba kinaelezwa na namba nne zenye jumla 10. Jibu ni 286 tena.

Ukizigeuza, matunda yakawa mashimo na aina zikawa kete, utapata C(13, 9) = 715. Ili usigeuze, andika sentensi hii kabla ya kanuni: "Natafuta namba m, kila moja kuanzia 0, ambazo jumla yake ni n." Idadi ya namba unazotafuta ni mashimo, jumla yake ni kete.

Hatua ya 9. Masharti ya chini: toa kwanza, gawa baadaye.

*Kila mtoto apate angalau daftari moja.* Mpe kila mmoja moja sasa hivi. Yamebaki 6 ya kugawa kwa uhuru: C(9, 3) = 84.

Unaweza pia kurudi kwenye mianya ya hatua ya 4. Panga madaftari 10 kwa mstari. Kati yake kuna mianya 9. Kwa kuwa hakuna mtoto anayekosa, njiti mbili haziwezi kukaa mwanya mmoja wala ukingoni. Chagua mianya 3 kati ya 9, nayo ni C(9, 3) = 84. Njia mbili, jibu moja.

*Mkubwa apate angalau 3, wengine chochote.* Mpe mkubwa 3. Yamebaki 7: C(10, 3) = 120. Kumbuka mkubwa bado ni shimo na anaweza kuongezewa. Ukimwondoa kwenye hesabu baada ya kumpa 3, umebadilisha swali likawa "mkubwa apate 3 kamili".

Hatua ya 10. Masharti ya juu: hesabu wavunjaji uwatoe.

*Mtoto yeyote asipate zaidi ya 4.* Vijiti havijui kuzuia ukubwa, hivyo tunahesabu magawanyo yote kisha tunatoa mabaya.

Magawanyo yote ni 286.

Mabaya kwa mtoto mmoja aliyetajwa: apate 5 au zaidi. Mpe 5, yamebaki 5, C(8, 3) = 56. Watoto ni 4, hivyo 4 × 56 = 224.

Lakini ugawaji ambao watoto wawili wamepata 5 na 5 tumeutoa mara mbili, mara moja kwa kila mvunjaji. Jozi za watoto ni C(4, 2) = 6, na kila jozi ina ugawaji mmoja tu wa namna hiyo, maana madaftari yote 10 yamekwisha. Watatu hawawezi kuvunja kwa pamoja, wangehitaji 15. Turudishe 6:

```
286 − 224 + 6 = 68
```

Thibitisha kwa kugeuza swali. Kila mtoto ana nafasi 4 mkobani, jumla nafasi 16. Madaftari 10 yakiingia, nafasi 6 zinabaki tupu. Hesabu basi njia za kugawa *nafasi tupu* 6 kwa watoto 4, kila mmoja asizidi 4: zote ni C(9, 3) = 84; mabaya ni 4 × C(4, 3) = 16; wawili hawawezi kuvunja kwa pamoja. 84 − 16 = 68. Mimi huwashauri wanafunzi waanze na njia hii kila kikomo cha juu kinapokaribia kujaa, kwa sababu masahihisho huwa machache.

## Mambo yakienda kombo

Jibu lina desimali. Umekosea hesabu ya herufi za hatua ya 2, au umejumlisha chini ya mstari. Mgawanyo sahihi wa faktoria hizi hutoa namba nzima siku zote. Kinyume chake si kweli, tuliona 1440.

Jibu ni kubwa kupita kiasi. Jiulize kama vitu vinafanana kweli. Madaftari yakiwa na majina ya masomo juu yake, kila moja ni tofauti, na hapo 4 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani 1048576, ndiyo sahihi. Vijiti havihusiki tena.

Mashimo nayo yanafanana. Kete 4 kwenye mifuko 3 isiyo na alama yoyote zina njia 4 tu: 4 pamoja; 3 na 1; 2 na 2; 2, 1 na 1. Usijaribu kuipata kwa kugawanya 15 kwa 3!. Itatoka 2.5, kwa kuwa magawanyo hayakuhesabiwa mara zilezile: 4, 0, 0 ina sura 3 ilhali 3, 1, 0 ina sura 6. Ule usawa uliotuhalalishia kugawanya katika hatua ya 1 haupo hapa. Orodhesha kwa mkono.

Nina shaka na jibu. Ukiwa na kompyuta yenye Python, ihesabishe moja moja:

```python
from itertools import permutations, product

print(len(set(permutations("BARABARA"))))
print(sum(sum(x) == 10 for x in product(range(11), repeat=4)))
print(sum(sum(x) == 10 for x in product(range(5), repeat=4)))
```

Zitatoka 420, 286 na 68. Usiingize KILIMANJARO kwenye mstari wa kwanza. Programu itapitia mipangilio 11!, karibu milioni 40, na kuhifadhi 9979200 iliyo tofauti. Kumbukumbu ya kompyuta ndogo itajaa. Hakiki maneno mafupi, kisha iamini kanuni.

Nimetumia vijiti kwenye swali la uwezekano na jibu limekataliwa. Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa mwanafunzi amehesabu vizuri na bado amekosa. Chukua mfano. Unatupa kete 4, moja baada ya nyingine, kila moja ikiangukia kwa nasibu kwenye shimo mojawapo kati ya 3. Kuna uwezekano gani zote 4 ziingie shimo la kushoto? Mwenye vijiti anajibu 1 kati ya 15. Jibu ni 1 kati ya 81.

Magawanyo 15 yapo, ila hayana uzito sawa. Andika safari ya kila kete kwa herufi: K kushoto, T kati, L kulia. Kutupa kete 4 ni kuandika neno la herufi 4, na maneno hayo ni 3 × 3 × 3 × 3 = 81, yote yakiwa na nafasi sawa ya kutokea. Ugawaji 4, 0, 0 unatokana na neno moja tu, KKKK. Ugawaji 2, 1, 1 unatokana na kila mpangilio wa KKTL, na hiyo ni hesabu ya hatua ya 3: 24 ÷ 2 = 12. Kwa hiyo 2, 1, 1 hutokea mara 12 zaidi ya 4, 0, 0.

Jumlisha uone kama yanatimia:

```
4,0,0  na wenzake   3 × 1  =  3
3,1,0  na wenzake   6 × 4  = 24
2,2,0  na wenzake   3 × 6  = 18
2,1,1  na wenzake   3 × 12 = 36
jumla  15 magawanyo,  81 maneno
```

Safu ya katikati ina kazi ya vijiti na kazi ya herufi zinazojirudia pamoja: namba ya kwanza inahesabu magawanyo, ya pili inasema kila ugawaji una maneno mangapi nyuma yake. Swali likiuliza "njia ngapi za kugawa", hesabu magawanyo kwa vijiti. Likiuliza "uwezekano gani", na kete zikatupwa mojamoja kwa nasibu, rudi kwenye maneno.